Duka la vitenge liweke wapi tovuti yake?

Chukueni duka la vitenge lililoko Arua, lenye tawi Koboko. Linataka tovuti ya kurasa kumi na barua pepe zenye jina lake.

Seva pepe huvutia kwa bei, lakini unapewa mashine tupu: kuisasisha na kuweka nakala ni kazi yako. Ikiwa na kumbukumbu ndogo, tuseme gigabaiti 1, wateja wakiingia kwa pamoja Linux inaweza kuizima hifadhidata ili mashine ipumue. Ukurasa wa WordPress huandika `Error establishing a database connection`. Ukiendesha `dmesg` ukaona `Out of memory`, sababu ni hiyo. Lakini nani pale dukani ataiwasha tena usiku?

Jukwaa linalosimamiwa hukuondolea kazi hiyo, ila kwa kawaida ni ghali zaidi, na mengi hayana barua pepe, unailipia kando.

Kwa duka hili ningechagua seva ya kushirikiana. Mashine hutunzwa na mwenye seva, na barua pepe mara nyingi zimo. Adha yake ni majirani: mmoja akielemea seva, tovuti yako nayo hupungua kasi. Nakala pakueni wenyewe kila wiki, na jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mwenye duka, si la fundi.