Ukiona 万 kwenye meseji ya kiwanda, usisome "elfu"

Leo tuongelee herufi moja tu ya Kichina, ambayo kila anayeagiza mzigo China ataikuta: kwenye WeChat, kwenye 1688, kwenye karatasi ya bei na hata kwenye risiti. Ni hii: 万. Inatamkwa "wan", na maana yake ni elfu kumi.

Wengi wetu tukiiona tunasoma "elfu", kwa sababu kwa Kiswahili ukishatoka kwenye mia unaingia kwenye elfu. Mchina naye ana neno lake la elfu, 千, ila akifika elfu kumi habadiliki kusema "kumi elfu" kama sisi. Anaanza kipimo kipya. Sisi tunakata namba kila sifuri tatu (elfu, milioni, bilioni) na katikati tumechomeka laki. Yeye anakata kila sifuri nne. Ndiyo maana maneno hayalingani, na ukitafsiri neno kwa neno unapotea.

Kwa hesabu zetu inakuwa hivi:

1万 = elfu kumi (10,000)
10万 = laki moja (100,000)
100万 = milioni moja (1,000,000)
1000万 = milioni kumi (10,000,000)
1亿 = milioni mia moja (100,000,000)

Hiyo ya mwisho inatamkwa "yi". Sio bilioni. Bilioni moja ni 亿 kumi.

Njia ya haraka ni kuhamisha nukta hatua nne kwenda kulia. 1.8万 ni 18,000. 12.5万 ni 125,000, yaani laki na elfu ishirini na tano. Kwenye tangazo la bidhaa ukiona 已售2万+ maana yake wameshauza zaidi ya pisi elfu ishirini, sio elfu mbili. Kama unachagua kiwanda kwa kuangalia mauzo yake, hapo tayari tofauti ni kubwa.

Tuchukue oda moja tuifuate mpaka mwisho

Tuseme unauza kava za simu Instagram, na mmeungana wauzaji watatu mchange mtaji muagize pamoja badala ya kuchukua jumla pale Aggrey. Umeuliza bei, kiwanda kimejibu hivi:

起订1万个，单价1块8，一共1万8

Vipande ni vitatu. Cha kwanza, kiwango cha chini cha kuagiza ni 1万, yaani pisi 10,000. Cha pili, bei ya pisi moja ni 1块8. Hilo 块 linatamkwa "kuai" na ndilo neno la mtaani la yuani, kwa hiyo ni yuani 1.8. Cha tatu, jumla ni 1万8.

Hiyo 1万8 ni kiasi gani? Sio 10,008. Ni 18,000. Mchina akimalizia na tarakimu moja bila kutaja kipimo chake, tarakimu hiyo inachukua kipimo kinachofuata chini. Baada ya elfu kumi kinafuata elfu, kwa hiyo 8 ni elfu nane. Ni kama sisi tunavyosema "laki na ishirini" tukimaanisha 120,000, hakuna mtu Kariakoo anayeelewa 100,020. Angetaka kusema 10,008 angeweka neno la sifuri katikati: 1万零8. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayofanya 1块8 iwe yuani moja na senti themanini.

Sasa tubadilishe kwenda shilingi. Tuseme yuani moja ni shilingi 350 ili hesabu iwe nyepesi (wewe tumia bei ya siku yako). 18,000 mara 350 ni 6,300,000. Milioni sita na laki tatu.

Aliyesoma 万 kama elfu atapata nini? Pisi 1,000 kwa yuani 1.8, jumla yuani 1,800, sawa na shilingi 630,000. Kila mmoja wenu watatu atoe 210,000. Kiasi kizuri kabisa, kinalipika, na hapo ndipo hatari ilipo. Kosa la mara elfu linajionyesha lenyewe. Mtu akikuambia kava za duka dogo ni shilingi bilioni sita, utacheka na kuuliza tena. Kosa la mara kumi linajificha, kwa sababu laki sita na milioni sita zote ni hela ambazo muuzaji mdogo anaweza kuzitaja siku ya kawaida.

Kupiga mara hakutoshi kukuokoa

Wengi wetu tunahakiki kwa kupiga idadi mara bei tuone kama inakuja jumla. Ni tabia nzuri, na hapa inakamata kosa moja. Kama ulisoma 1万8 kuwa 10,008, utaona 10,000 mara 1.8 haiji 10,008, utashtuka.

Lakini kosa lile kubwa inalipitisha. Ukisoma 万 kama elfu kote, idadi inakuwa 1,000, jumla inakuwa 1,800, na 1,000 mara 1.8 ni 1,800. Imelingana vizuri kabisa, na bado umekosea mara kumi. Umepunguza pande zote mbili kwa kiasi kilekile, kwa hiyo hesabu haiwezi kukuambia chochote. Unahitaji ushahidi wa nje ya hizo namba. Upo wa aina tatu.

Wa kwanza ni maboksi. Uliza mzigo utakuwa maboksi mangapi, na boksi moja linabeba pisi ngapi. Wakikujibu maboksi 20, kila boksi pisi 500, hiyo ni 10,000. Kama ungekuwa unaagiza 1,000 yangekuwa maboksi mawili tu. Namba ndogo kama 20 haina 万 ndani yake, kwa hiyo haina pa kukosewa. Na utaihitaji tu kwa ajili ya kuulizia gharama ya usafiri.

Wa pili ni malipo ya awali. Viwanda vingi vinaomba asilimia 30 kwanza, iliyobaki kabla mzigo haujatoka. Asilimia 30 ya 18,000 ni 5,400. Kwa kuwa haijafika elfu kumi, Mchina ataiandika hivihivi, 定金5400, bila 万. Wewe uliyedhani jumla ni 1,800 utaona unaombwa advansi kubwa kuliko mzigo wenyewe. Ukiona hivyo usikimbilie kusema umetapeliwa. Rudi kwenye meseji ya kwanza uisome upya.

Wa tatu ni kuwaomba waandike tarakimu tupu zenye sifuri zote. Watumie hii:

```
数量 10000 个
总价 18000 元
对吗？
```

Maana yake: idadi 10000, jumla yuani 18000, ni sahihi? Usiweke mkato wala nukta ndani ya namba. Wakijibu 对, ni sahihi. Hifadhi skrinshoti.

Ukipokea risiti yenye maneno

Kwenye karatasi rasmi Wachina huandika kiasi kwa maneno pia, kama sisi tunavyofanya kwenye cheki. Ila hawatumii herufi za kawaida. 一 (moja) ni mstari mmoja tu, mtu akiongeza mwingine inakuwa 二, mbili. Kuzuia uchakachuaji wana herufi nzito. Yuani 18,000 inaandikwa hivi:

壹万捌仟元整

壹 ni moja, 万 elfu kumi, 捌 nane, 仟 elfu, 元 yuani, na 整 ni kama "tu" tunalomalizia nalo, yaani hakuna senti. Elfu kumi moja, elfu nane. Huhitaji kukariri herufi zote. Tafuta 万 iko wapi: kilicho kushoto kwake ni idadi ya elfu kumi, kilicho kulia ni chini ya elfu kumi. Linganisha na tarakimu zilizoko kwenye karatasi hiyohiyo. Zisipokubaliana, usilipe kwanza.

Ukirudi kwa wenzako, kuwa makini na Kiswahili chako

Umeshaelewa kiwanda, sasa unaandika kwenye kundi la WhatsApp ili wenzako wachange. Hapa nasi tuna mitego yetu. Ukiandika "milioni sita na mia tatu", wewe unamaanisha mia tatu elfu, umemeza "elfu" kama tunavyofanya tukiongea. Mwenzako akiisoma kama ilivyoandikwa anapata 6,000,300. Dukani inaeleweka kwa sababu mnaonana. Kwenye maandishi, na hasa pale mtu anapoingiza kiasi kwenye simu, weka kipimo kila mahali: "Sh 6,300,000 (milioni sita na laki tatu), kila mmoja Sh 2,100,000 (milioni mbili na laki moja)". Tarakimu na maneno pamoja, kimoja kinamlinda mwenzake.

Na kumbuka laki sio ya kila mtu. Tumeipata kutoka India, ila hatukuchukua ndugu yake mkubwa, krori, ambayo ni laki mia, yaani milioni kumi. Anayeagiza vitambaa India atakuta mikato imekaa kwa namna ya ajabu: 12,50,000. Hiyo ni milioni moja, laki mbili na elfu hamsini. Hesabu tarakimu, usihesabu mikato. Mteja wa Lubumbashi aliyesoma Kifaransa naye akisema "miliari" anamaanisha bilioni yetu, na bilioni ya Kifaransa ni trilioni yetu. Hizo ni tofauti za mara elfu, utazigundua. Ile ya 万 ni ya mara kumi, ndiyo ya kuitafuta kwa makusudi.

Kwa hiyo kabla ya kutuma advansi yoyote China, pitia vitu vitatu: sifuri zimeandikwa zote, maboksi yamelingana na pisi, na advansi imelingana na asilimia yake. Kimoja kikigoma, simama uulize. Kama una mwenzako anayejiandaa kuagiza kwa mara ya kwanza, mtumie hii kabla hajalipa.